Nukta Moja, Anwani Mbili: Namba za UTM na Siri ya Kanda

Katikati ya mji wa Dodoma ipo nukta yenye latitudo ya nyuzi 6.17 kusini na longitudo ya nyuzi 35.74 mashariki. Mpima ardhi mmoja akiulizwa anwani ya nukta hiyo kwa mita ataandika E 803253, N 9317223. Mwenzake, aliyezoea kazi za Morogoro na Dar es Salaam, ataandika E 139140, N 9316899. Namba za kwanza zimeachana kwa zaidi ya laki sita na nusu, za pili kwa mita 324 tu. Hata hivyo hakuna aliyekosea hesabu. Wote wametumia mfumo mmoja, UTM, na wote wamegusa palepale. Wa kwanza amepima akiwa ndani ya kanda ya 36, wa pili akiwa ndani ya kanda ya 37.

Namba za aina hii zimeenea kuliko tunavyodhani. Zipo kwenye ramani za upimaji wa viwanja, kwenye nyaraka za visima na minara ya simu, kwenye leseni za uchimbaji na kwenye kioo cha kifaa cha GPS. Mara nyingi huandikwa mbili tu, bila kutaja kanda, kana kwamba zinajitosheleza. Kwa mtu wa Dodoma huo ni mtego, kwa sababu mstari unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 unapita kilomita 29 hivi mashariki mwa mji.

Kwa nini dunia imekatwa vipande

Latitudo na longitudo hupimwa kwa nyuzi, na uzi mmoja wa longitudo hauna urefu mmoja kila mahali. Kwenye ikweta una kilomita 111 na ushei. Kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia unapungua mpaka unakwisha. Mtu anayetaka kujua eneo la shamba au urefu wa mtaro hawezi kutoa nyuzi kwa nyuzi akapata mita. Anahitaji gridi ya mraba iliyo bapa, yenye mita pande zote mbili.

Lakini dunia ni mviringo, na kitu cha mviringo hakilazwi kwenye karatasi bila kuvutwa mahali fulani. Ukilaza eneo kubwa, mvuto unakuwa mkubwa. Ukilaza ukanda mwembamba, unakuwa mdogo kiasi cha kuvumilika. Ndipo UTM, ambayo jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1947, ikaikata dunia kama chungwa lililomenywa: vipande 60 virefu vinavyotoka kusini hadi kaskazini, kila kimoja kikiwa na upana wa nyuzi 6 za longitudo. Kila kipande ni kanda, na kila kanda hulazwa kwenye karatasi yake yenyewe, ikiwa na gridi yake yenyewe. Gridi hizo 60 zimejengwa kwa kanuni ileile, kwa hiyo namba zilezile hujirudia katika kila kanda. Mahali penye E 803253, N 9317223 papo Dodoma, na papo pia baharini, na papo kwenye kanda nyingine kadha wa kadha duniani.

Kanda huhesabiwa kuanzia longitudo ya nyuzi 180 katikati ya Bahari ya Pasifiki, kuelekea mashariki. Kanda ya 1 inaanzia hapo, na ya 31 inaanzia kwenye mstari wa Greenwich. Kwa hiyo kanda ya 35 ni ya kati ya nyuzi 24 na 30 mashariki, ya 36 ni ya nyuzi 30 hadi 36, na ya 37 ni ya nyuzi 36 hadi 42. Ukitaka kuipata kwa hesabu, kanuni ni hii:

```
kanda = floor((longitudo + 180) / 6) + 1
```

Neno floor hapo lina maana ya kuacha desimali na kubaki na namba nzima. Tuipitishe Dodoma: 35.74 kujumlisha 180 ni 215.74. Gawanya kwa 6, unapata 35.96. Acha desimali, inabaki 35. Ongeza 1, jibu ni 36. Angalia ile 35.96: imebakiza kidogo sana ifike 36 kamili, na ingefika, jibu lingekuwa 37. Desimali inayokaribia 1 au inayokaribia 0 ni onyo kwamba umesimama karibu na mpaka wa kanda. Longitudo za magharibi huingizwa na alama ya kutoa. Kanuni hii inafanya kazi karibu kila pembe ya dunia. Maskati, yenye longitudo ya nyuzi 58.4, inaangukia kanda ya 40. Isipotumika ni kusini-magharibi mwa Norwe na visiwa vya Svalbad, ambako mipaka ya kanda ilisogezwa kwa makusudi, na kwenye ncha za dunia ambako UTM haifiki.

Kwa Tanzania, kanda zinazohusika ni tatu. Mji wa Kigoma upo kanda ya 35. Bukoba, Mwanza, Tabora, Singida, Mbeya, Iringa, Songea na mji wa Dodoma vipo kanda ya 36. Arusha, Moshi, Tanga, Morogoro, Dar es Salaam, Zanzibar, Lindi na Mtwara vipo kanda ya 37. Kenya imegawanywa mara mbili, mashariki kwa magharibi: Kisumu na Eldoreti zipo kanda ya 36, Nairobi na Mombasa kanda ya 37. Nakuru, yenye longitudo ya nyuzi 36.07, ipo kanda ya 37 kwa kilomita chache tu. Kigali nayo imeuchungulia mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 kwa karibu sana.

Namba ya mashariki inahesabiwa kutoka wapi

Katikati ya kila kanda kuna mstari wa longitudo unaoitwa meridiani ya kati. Kwa kanda ya 36 ni nyuzi 33 mashariki, kwa kanda ya 37 ni nyuzi 39. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa gridi, kwa kuwa ndio pekee wa longitudo unaolala umenyooka kabisa kwenye karatasi. Namba ya mashariki, ile yenye herufi E, ni umbali kutoka kwenye mstari huo.

Ingekuwa mstari huo umepewa sifuri, kila kitu kilicho magharibi yake kingekuwa na namba hasi, na namba hasi kwenye daftari la upimaji ni chanzo cha ajali. Kwa sababu hiyo meridiani ya kati imepewa thamani ya 500,000. Ukiwa mashariki yake namba yako inazidi hapo. Ukiwa magharibi inapungua. Sifuri yenyewe iko nje kabisa ya kanda, na hakuna anayefika huko.

Sasa namba ya Dodoma inasomeka. E 803253 toa 500000 inabaki 303253. Maana yake mji upo kilomita 303 na robo mashariki ya mstari wa nyuzi 33, kwa mujibu wa gridi ya kanda ya 36. Kwa upande wa pili, E 139140 ni pungufu ya 500000 kwa 360860: mji upo kilomita 361 hivi magharibi ya mstari wa nyuzi 39, kwa mujibu wa gridi ya kanda ya 37. Wapima wetu wawili wamesimama kwenye milingoti miwili tofauti na kupimia mji mmoja, huyu kutoka magharibi, yule kutoka mashariki.

Hapa pia tunapata kipimo cha haraka cha kukagua namba. Kwenye ukanda wetu wa ikweta, kutoka meridiani ya kati hadi ukingo wa kanda ni kama kilomita 334. Namba ya mashariki iliyo ndani ya kanda yake halali haishuki chini ya 166,000 hivi, wala haipandi juu ya 834,000. Ukiona 139140, jua mara moja kwamba mtu ametoka nje ya kanda: ametumia gridi ya kanda ya 37 kwa mahali palipo kanda ya 36. Si lazima liwe kosa, kwa sababu gridi inaweza kuendelezwa kidogo nje ya mpaka wake, lakini lazima awe na sababu na lazima aitaje.

Namba ya kaskazini na ikweta yenye thamani mbili

Namba ya pili, yenye herufi N, inahesabiwa kutoka ikweta. Upande wa kaskazini wa dunia hesabu ni nyepesi: ikweta ni sifuri, na namba inakua unavyopanda. Kampala ipo nyuzi 0.3 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo namba yake ni ndogo, kilomita thelathini na kitu.

Upande wa kusini tatizo la namba hasi linarudi, na dawa ni ileile. Ikweta imepewa thamani ya 10,000,000, na unaposhuka kusini unatoa. Namba bado inakua ukielekea kaskazini, kama ilivyo upande wa pili. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia tu. N 9317223 ya Dodoma ni pungufu ya milioni kumi kwa 682777, yaani mji upo kilomita 683 hivi kusini ya ikweta. Kwa kuwa Tanzania inaanzia karibu na nyuzi 1 kusini na kuishia karibu na nyuzi 11 na robo tatu, namba za kaskazini za nchi nzima zipo kati ya 8,700,000 na 9,890,000 hivi. Zina tarakimu saba, wakati za mashariki zina sita. Mtu akikuletea E yenye tarakimu saba na N yenye sita kutoka Tanzania, amezibadilishana nafasi.

Nchi inayokatwa na ikweta ina kazi ya ziada. Kisumu ipo nyuzi 0.1 hivi kusini, kwa hiyo namba yake ya kaskazini ni karibu 9,989,000. Eldoreti ipo nyuzi 0.52 kaskazini, na namba yake ni kama 57,500. Miji yote miwili ipo kanda ya 36. Ukitoa moja kwa nyingine unapata kilomita elfu tisa na mia tisa, wakati Eldoreti haizidi kilomita 69 kaskazini ya Kisumu. Hakuna kilichoharibika, ni vile tu kwamba "36 kusini" na "36 kaskazini" ni gridi mbili zenye mwanzo tofauti. Anayefanya kazi pande zote mbili za ikweta huchagua moja na kuishikilia. Akichagua ya kusini, namba za kaskazini mwa ikweta zitavuka milioni kumi: Eldoreti itakuwa 10,057,500, na hesabu ya kutoa itarudi kuwa sahihi.

Kwa nini namba ya kaskazini nayo ilibadilika

Msomaji makini atakuwa ameuliza: kama nukta ni ileile na ikweta ni ileile, kwa nini wapima wawili wa Dodoma walipishana mita 324 kwenye namba ya kaskazini? Jibu liko kwenye kule kulazwa kwa mviringo kwenye karatasi. Kwenye gridi ya UTM mistari ya latitudo haijanyooka, isipokuwa ikweta. Inapinda taratibu kuelekea kwenye ncha ya dunia iliyo karibu, na inazidi kupinda kadiri inavyoachana na meridiani ya kati. Upande wa kusini inapinda kwenda kusini.

Dodoma ipo nyuzi 2.74 kutoka kwenye meridiani ya kati ya kanda ya 36, lakini ipo nyuzi 3.26 kutoka kwenye ile ya kanda ya 37. Kwenye gridi ya kanda ya 37 mstari wa latitudo ya nyuzi 6.17 umekwisha kushuka zaidi unapofika Dodoma, ndiyo maana namba ya kaskazini ni ndogo. Hapa kuna hatari isiyoonekana kirahisi. Mtu akichanganya kanda, namba ya kaskazini haimshtui hata kidogo, kwa sababu 9316899 na 9317223 zinafanana. Anayekagua kwa kutazama N peke yake atapitisha kosa la mamia ya kilomita.

Ukubwa wa kosa hutaja jina la kosa

Tuseme sasa ofisi inapokea E 803253, N 9317223 bila kanda, na anayeingiza data kwenye programu ya ramani, kwa mazoea ya Dar es Salaam, anachagua kanda ya 37. Programu haitalalamika, kwa kuwa namba ni halali. Itakwenda kilomita 303 mashariki ya mstari wa nyuzi 39 badala ya nyuzi 33, na kuweka alama kwenye longitudo ya nyuzi 41.74, ndani ya Bahari ya Hindi, mbali sana mashariki ya Unguja. Kiwanja cha Dodoma kimehamia baharini. Kosa likigeuzwa, yaani E 139140 ya kanda ya 37 ikasomwa kama ya kanda ya 36, alama inahamia magharibi hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, pande za Mahale. Kwa vyovyote umbali wa kuhama ni nyuzi 6 za longitudo, ambazo kwenye latitudo ya Dodoma ni kilomita 664 hivi, na kuhama huko daima ni kwa mashariki au magharibi. Ukiona alama zako zote zimeteleza pamoja umbali huo, usihangaike kutafuta kifaa kibovu. Kanda imekosewa.

Kosa la kusini na kaskazini lina sura yake. Namba za Dodoma zikisomwa kama za kaskazini mwa dunia, N 9317223 inakuwa kilomita elfu tisa na mia tatu juu ya ikweta, na alama inaangukia kwenye Bahari ya Aktiki. Kosa hili hujitokeza sana kwa sababu ya herufi moja. Kwenye maandishi mengi "36S" ni kanda ya 36 kusini. Lakini upo mtindo mwingine, wa kijeshi, unaogawa kila kanda kwa mikanda ya latitudo ya nyuzi 8 na kuipa herufi kutoka C hadi X, bila I wala O. Katika mtindo huo ukanda unaoanzia ikweta kushuka hadi nyuzi 8 kusini ni M, na unaofuata chini yake ni L. Kifaa cha GPS cha mkononi kikisimama Dodoma kinaweza kuandika "36 M". Herufi S katika mtindo huo ni ukanda wa kati ya nyuzi 32 na 40 kaskazini, na "36 S" ni eneo la Saiprasi na kusini mwa Uturuki. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Andika neno lenyewe, "kusini", nafasi ipo.

Kosa la tatu ni dogo, na kwa udogo wake ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu halimpeleki mtu baharini. Linampeleka kwenye shamba la jirani. Kabla ya kulaza dunia kwenye gridi, lazima ukubaliane kwanza dunia ina umbo na ukubwa gani na imewekwaje. Makubaliano hayo huitwa datamu. Ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000 nchini Tanzania na Kenya zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Kanda ni ileile, kusini ni kulekule, lakini nukta ileile ya ardhini ina namba tofauti. Kwa maeneo ya Dodoma, namba ya kaskazini ya Arc 1960 ni kubwa kuliko ya WGS 84 kwa takriban mita 300, na namba ya mashariki ni ndogo kwa chini ya mita 100. Ukisoma namba kwenye ramani ya zamani na kuzitembelea kwa GPS bila kubadilisha, utafika mahali panapofanana, penye njia na miti, na bikoni hutaiona.

Basi ukubwa wa mteremko hueleza chanzo chake. Mita mia tatu kwenda kaskazini au kusini ni datamu. Kilomita mia sita na ushei kwenda mashariki au magharibi ni kanda. Kilomita elfu kumi ni ikweta.

Kazi inapovuka mpaka

Kuchagua kanda ya nukta moja ni hesabu ya sekunde chache. Ugumu huja pale kazi moja inapokaa pande mbili za mstari, na Mkoa wa Dodoma upo hivyo. Mji na Bahi zipo kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa zipo kanda ya 37. Reli ya kisasa na barabara kuu zinazotoka Morogoro zinauvuka mstari wa nyuzi 36 kabla ya kuingia mjini.

Chukua nukta nyingine eneo la Kongwa, nyuzi 6.20 kusini na 36.42 mashariki. Kwa kanda yake, ya 37, namba yake ya mashariki ni karibu 214,480. Mtu akiitoa kwenye ile 803,253 ya Dodoma anapata kilomita 589 kati ya Dodoma na Kongwa, na isitoshe Kongwa inaonekana iko magharibi ya Dodoma. Ukweli ni kwamba ametoa namba za gridi mbili. Akiiandika Dodoma kwa kanda ya 37, yaani 139,140, tofauti inakuwa mita 75,340, nayo inakaribia sana umbali halisi kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna kutoa, kupima eneo wala kuunganisha mistari kwa namba za kanda mbili. Kwanza zote zihamishiwe kwenye kanda moja kwa kupitia latitudo na longitudo, kazi ambayo programu yoyote ya ramani huifanya. Kuongeza au kupunguza laki sita kwa mkono hakufai, kwa sababu gridi hizo mbili zimeinama moja dhidi ya nyingine, kama ile tofauti ya mita 324 ilivyoonyesha.

Kanuni ya pili ni kuchagua kanda yenye sehemu kubwa ya kazi. Mradi wa maji wa mji wa Dodoma ukae kanda ya 36. Barabara inayotoka Morogoro na kuishia Dodoma ikae kanda ya 37, kwa sababu kipande kinachobaki upande wa 36 ni kifupi. Gharama ya kuendeleza gridi nje ya mpaka wake ni kuvutika kwa urefu, na gharama hiyo inahesabika. Kwenye meridiani ya kati UTM imepunguzwa kwa makusudi hadi 0.9996, kwa hiyo kilomita moja inaonekana fupi kwa sentimita 40. Unapoachana na mstari huo urefu unarudi taratibu, unafikia usawa kwenye kilomita 180 hivi, kisha unazidi. Dodoma kwenye kanda ya 36 kilomita moja ya usawa wa bahari inasomeka ndefu kwa sentimita 74 hivi; kwenye kanda ya 37 inazidi kwa sentimita 121. Mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita elfu moja, unapunguza mzidio huo kidogo kwa anayepima chini kwa kamba. Kwa kiwanja cha mita 30 hizo ni sentimita chache, na wengi hawatazijali. Kwa bomba la kilomita 20 ni mita ishirini na kitu, na fundi aliyenunua mabomba kwa urefu wa ramani ataona tofauti. Ndiyo maana wahandisi wa kazi ndefu hupewa kipimo cha kusahihisha umbali, au hutengenezewa gridi ya mradi wao.

Kanuni ya tatu ni ya kuandika. Kwenye programu za ramani kila gridi ina namba ya utambulisho ya EPSG, na namba hizo zina mpangilio unaokaririka. Zinazoanza na 327 ni WGS 84 kusini, zinazoanza na 326 ni WGS 84 kaskazini, na tarakimu mbili za mwisho ni kanda. Kwa Arc 1960 kusini mwanzo ni 210. Hivyo:

```
EPSG:32736   WGS 84, kanda 36 kusini
EPSG:32737   WGS 84, kanda 37 kusini
EPSG:32636   WGS 84, kanda 36 kaskazini
EPSG:21036   Arc 1960, kanda 36 kusini
EPSG:21037   Arc 1960, kanda 37 kusini
```

Namba hiyo moja inabeba kanda, upande wa ikweta na datamu kwa pamoja. Kwa hiyo anayepeleka namba za kiwanja kwa benki, kwa fundi wa kisima au kwa ofisi ya ardhi aandike mstari mzima:

```
E 803253  N 9317223  UTM 36 kusini, WGS 84, EPSG:32736
```

Na anayepokea namba zisizo na maelezo hayo, kabla ya kukisia, azigeuze kuwa latitudo na longitudo kwa kila gridi inayowezekana na kutazama kila jibu kwenye picha ya satelaiti. Kwa Dodoma gridi zinazowezekana ni nne: kanda mbili kwa datamu mbili. Kati ya hizo, mbili zitaangukia baharini au kwenye ukingo wa ziwa na zitajiondoa zenyewe. Mbili zinazobaki zimeachana mita mia tatu, na hapo picha haitoshi. Atafutwe aliyepima aseme alitumia datamu gani, au apelekwe mtu na GPS kwenye bikoni moja inayojulikana akasome namba zake. Namba hizo zikilingana na za kwenye karatasi, datamu ni WGS 84. Zikipishana kwa mita 300 kaskazini na chini ya 100 mashariki, karatasi ni ya Arc 1960.